Kung'atuka Ukiwa na Miaka 45: Hesabu ya Kingolwira



Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985 alituachia neno: kung'atuka. Kustaafu huja na tarehe, kung'atuka ni uamuzi wako. Sheria ya utumishi inawaruhusu watumishi wengi kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na inawalazimisha wakiwa na 60. Leo namzungumzia anayetaka kutoka mapema zaidi, akiwa na miaka 45.

Mfano wangu ni wa kutunga. Mtumishi mmoja ana nyumba yake Kingolwira, Morogoro, kando ya barabara ya Dar es Salaam, na ekari mbili za mahindi. Mkononi anapokea shilingi milioni 1 kwa mwezi. Ameandika matumizi ya mwaka mzima kwenye daftari: unga, mchele, luku, ada, mbolea, nauli za daladala kwenda mjini. Jumla yake ni 600,000 kwa mwezi. Ukurasa unaomshtua ni wa michango ya harusi na misiba, maana hakuwahi kuuhesabu. Akiacha kazi, kadi za harusi zitaendelea kuja.

Basi anahitaji milioni 7.2 kwa mwaka. Mwaka 2022 riba ya hatifungani za Serikali za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Kwa riba hiyo ya asilimia 12.56, milioni 57 hivi zingemlipa matumizi yake yote. Hapo ndipo wengi hukosea. Riba ya hatifungani haipandi, bei zinapanda. Zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, kapu la 600,000 litagharimu zaidi ya milioni 1 baada ya miaka 15. Kwa hiyo sehemu ya riba lazima irudi kuwekezwa, na ya kula ibaki kama asilimia 8.5. Sasa anahitaji milioni 85.

Atazipata lini? Anaweka 400,000 kila mwezi, yaani asilimia 40 ya anachopokea. Kwa faida hiyohiyo ya asilimia 8.5 juu ya kupanda kwa bei, atafika baada ya miaka 11 hivi. Jirani yake mwenye kipato kilekile anaweka asilimia 20 na kutumia 800,000. Huyo atahitaji karibu milioni 113, na atafika baada ya miaka 20. Kila shilingi usiyoitumia inafanya kazi mara mbili: inaongeza akiba, na inapunguza kiasi unachokihitaji. Lakini riba ikishuka tena kama mwaka 2022, miaka hiyo inarefuka.

Michango yake ya pensheni haitamsaidia katika kipindi hiki. Akiwa ametimiza miezi 180 ya kuchangia, haki yake ipo, ila inasubiri afikishe miaka 55. Fao la kukosa ajira nalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Miaka kumi ataivuka kwa fedha zake mwenyewe.

Pengo linaloweza kuivunja hesabu yote ni bima ya afya. Akiwa kazini, asilimia 3 ya mshahara wake na 3 ya mwajiri huingia NHIF, na kadi hiyo humtibu yeye, mwenza na wategemezi, jumla watu sita. Anayestaafu kwa mujibu wa sheria akiwa mchangiaji huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake. Anayeacha kazi akiwa na 45 haingii kwenye kundi hilo.

Kimbilio lililozoeleka limekuwa CHF iliyoboreshwa, ambapo kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa malaria au kidonda ilikuwa nafuu kubwa. Lakini huduma yake iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, ile iliyopo mjini Morogoro. Figo zikihitaji Muhimbili, bili ilikuwa ya mwanachama. Akienda kampuni binafsi, ataulizwa umri na maradhi aliyonayo, na shinikizo la damu lililogunduliwa mwaka jana linaweza kupandisha bei au kuwekwa kando.

Ndiyo maana, kwa wenza wawili walioajiriwa, nashauri wasing'atuke pamoja. Mmoja abaki kazini, amwandikishe mwenzake kwenye kadi yake, mwingine atangulie shambani. Asiye na mwenza kazini apime sukari, shinikizo la damu na figo, aulize bei ya bima kwa majibu hayo, kisha aiandike bei hiyo kwenye daftari lilelile la unga na michango. Ikiwa ni 150,000 kwa mwezi, matumizi yake ni 750,000, na lengo lake limepanda hadi milioni 106.

Barua ya kuacha kazi iandikwe baada ya mstari wa bima kujazwa.