Nakala za Picha, Waifai na Kifurushi Chako



Miongoni mwa malalamiko ambayo watumiaji hutueleza mara kwa mara ni lile la kifurushi cha intaneti kumalizika kabla ya wakati. Mtu hununua kifurushi asubuhi, hutumia simu yake kwa kiasi, na ifikapo jioni huarifiwa kwamba salio limekwisha. Sababu za jambo hili ni nyingi. Leo tutazungumzia moja tu, ambayo mtumiaji anaweza kuiondoa mwenyewe kwa dakika chache: simu inayonakili picha na video kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa kutumia data ya kifurushi.

Tutatumia mfano wa programu ya Google Photos kwenye simu za Android, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika simu nyingi. Majina ya vitufe tutayataja kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye kioo. Katika baadhi ya simu yanaweza kutofautiana kidogo.

Tuanze na hesabu. Tuchukue mfano wa mama fundi cherehani aliyenunua kifurushi cha GB 1. Siku hiyo amepiga picha 25 za nguo alizoshona, kila moja ikiwa na takriban MB 4. Hizo ni MB 100. Amerekodi video ya dakika mbili ya gauni la harusi, yenye takriban MB 250. Aidha, makundi yake ya WhatsApp yamemletea video 30 za vichekesho, salamu na matangazo, kila moja wastani wa MB 10. Hizo ni MB 300, nazo zilikwisha kukatwa kwenye kifurushi wakati zinapokewa.

Sasa simu yake imeruhusiwa kunakili kila kitu kwa data, tena kwa ubora kamili. Itapeleka juu MB 100 za picha, MB 250 za video yake na MB 300 za video za makundi. Jumla ni MB 650. Ukijumlisha na zile MB 300 za kupokea, MB 950 zimekwenda kabla hajafungua ukurasa mmoja wa intaneti. Tuzingatie kwamba video za makundi amezilipia mara mbili: mara ya kwanza zilipoingia, na mara ya pili zilipotoka kwenda kuhifadhiwa, ilhali yeye mwenyewe hakuzihitaji.

Mara nyingi ruhusa hiyo hatukunyang'anywa. Tuliitoa wenyewe, siku ya kwanza ya kuwasha simu au pale programu ilipouliza swali nasi tukabonyeza kukubali ili tuendelee na shughuli zetu. Kama tulivyoitoa, ndivyo tunavyoweza kuiondoa.

Hatua ya kwanza ni kuzuia data. Fungua Google Photos, gusa picha yako iliyo juu upande wa kulia, kisha ingia "Photos settings" na hatimaye "Backup". Hapo tafuta "Mobile data usage" na uchague "No data". Tangu hapo picha na video zitasubiri mpaka simu iunganishwe na waifai. WhatsApp nayo huweka nakala zake peke yake, kwa hiyo haitii mpangilio huu. Ndani ya WhatsApp fungua "Settings", "Chats", kisha "Chat backup", na uhakikishe kwamba nakala hazitumwi kwa data ya simu.

Hatua ya pili ni kuchagua folda. Ukiwa bado kwenye "Backup", gusa "Back up device folders". Utaona orodha ya folda zilizomo kwenye simu, kila moja na swichi yake: "WhatsApp Images", "WhatsApp Video", "Screenshots", "Download" na nyinginezo. Folda ya kamera haihitaji kuchaguliwa, kwani hunakiliwa yenyewe nakala zikiwashwa. Kwa kila folda nyingine jiulize swali moja: simu hii ikipotea leo, je, nitavihitaji vilivyomo? Mama fundi wetu huenda akaacha "WhatsApp Images", kwa sababu wateja humtumia picha za mishono humo. Lakini "WhatsApp Video" ataizima.

Kuchagua folda kuna faida hata kwa mwenye waifai ya bure. Akaunti ya Google hutoa hifadhi ya GB 15 bila malipo, nayo hutumiwa kwa pamoja na picha, barua pepe na mafaili. Vichekesho vya makundi vikiijaza, picha mpya za familia hazinakiliwi tena, na hata barua pepe huacha kuingia. Fahamu pia kwamba kuzima folda hakufuti vilivyokwisha kunakiliwa. Na ukivifuta ndani ya Google Photos, vitaondoka kwenye hifadhi na kwenye simu pia, basi vichunguze kwanza.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuharibu mpangilio huu mzuri.

La kwanza ni waifai isiyo ya bure. Simu hutambua kwamba imepata waifai, lakini haijui nani anailipia. Ukiunganisha simu kwenye kifaa cha waifai cha mfukoni kilichowekwa kifurushi cha GB chache, nakala zote zilizokuwa zikisubiri zinaweza kuanza kupanda kwa pamoja. Kwa mtandao wa namna hiyo, fungua mipangilio ya waifai ya simu, gusa jina la mtandao huo, tafuta "Network usage" na uchague "Treat as metered". Hapo simu itaelezwa kwamba mtandao huo una kipimo, na programu nyingi zitajizuia. Njia iliyo salama zaidi ni kuzima nakala kabisa hadi utakapofika kwenye waifai isiyo na kikomo.

La pili ni kutofika kwenye waifai kabisa. Mtu aliyechagua "No data" naye haunganishi waifai kwa miezi mitatu hana nakala ya miezi hiyo mitatu. Simu ikiibwa, picha zimekwenda nayo. Ili kujua hali ilivyo, fungua Google Photos na uguse picha yako iliyo juu. Ukiona "Backup complete", kazi imekamilika. Ukiona maelezo kwamba inasubiri waifai, nakala bado hazijafanyika, hata kama picha zinaonekana vizuri ndani ya programu. Kuonekana kwake kwenye kioo si ushahidi kwamba zimehifadhiwa. Kwa hiyo usifute picha wala usiuze simu kabla ya kusoma maneno hayo. Ikiwa waifai ni adimu kwako, panga siku moja katika juma ya kwenda mahali ilipo, ukae na programu ikiwa wazi hadi imalize.

Mwisho, baada ya siku chache fungua mipangilio ya simu kwenye sehemu ya matumizi ya data. Humo kila programu huorodheshwa na kiasi ilichotumia. Iwapo Google Photos bado iko juu kabisa ya orodha, rudi kwenye hatua ya kwanza. Iwapo imeshuka lakini kifurushi kinaendelea kumalizika mapema, orodha hiyo itakuonyesha programu inayohusika. Na iwapo jumla yake hailingani kabisa na kiasi ulichokatwa, wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma wako ukiwa na picha ya orodha hiyo mkononi, na usiporidhika na majibu, tuletee sisi.