Karatasi Moja Kabla ya Kikao: Maandalizi ya Kuomba Cheo na Nyongeza ya Mshahara

Nimekaa upande wa mwajiri kwenye vikao vingi vya aina hii, na maombi mengi niliyoyaona yakikwama yalianza na miaka: "Nina miaka mitano hapa." Meneja husikia hilo na kukubali kwamba ni kweli, lakini halimpi kitu cha kupeleka kwa mkurugenzi wa fedha. Kinachompa nguvu ni tofauti kati ya kazi uliyoajiriwa kuifanya na kazi unayoifanya leo. Mada yangu inahusu namna ya kuionyesha tofauti hiyo kwenye karatasi moja.

Tumchukue mhasibu wa kampuni ya usafirishaji mizigo Dar es Salaam. Aliajiriwa mwaka 2020 kuingiza ankara na kulinganisha hesabu za benki. Mwaka uliofuata msimamizi wake aliondoka, nafasi haikujazwa, na yeye akaanza kuandaa ritani za kodi. Baadaye akakabidhiwa wahasibu wawili wapya awafundishe. Leo ndiye anayekaa na wakaguzi wa hesabu. Cheo na mshahara wake, shilingi 1,400,000, havijabadilika.

Aanze kwa kutoa kabatini mkataba wake na maelezo ya kazi. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana naye. Sisemi aende kikaoni na sheria mkononi, maana kikao kitageuka shauri. Lakini akijua hivyo, ataomba maelezo yake yahuishwe bila kuhisi anaomba fadhila. Ombi hilo pia ni rahisi kwa meneja kulikubali, na maelezo mapya yakishasainiwa, cheo cha zamani hakiendani nayo tena.

Kisha aandike majukumu yaliyoongezeka, kila moja na mwezi lilipoanza, nani alilifanya kabla, na ushahidi uliopo: barua pepe ya kumkabidhi, ritani zilizowasilishwa kwa wakati, ripoti ya wakaguzi. Majukumu matatu yenye ushahidi yanatosha. Nimeona watu wakileta kumi na mbili, mengi yakiwa ni kazi za kila mtu ofisini, na mjadala wote ukaishia kwenye yale dhaifu.

Sasa kiasi. Hapa wengi hujipunja kwa sababu hufikiria fedha inayobaki mkononi, ilhali mwajiri hupanga mshahara kabla ya makato. Tuseme mhasibu wetu anaomba 1,800,000, yaani nyongeza ya 400,000. NSSF itakata 40,000. Kwa kuwa mshahara wake unaotozwa kodi umeshavuka 1,000,000, kinachobaki cha nyongeza hutozwa asilimia 30, yaani 108,000. Mkononi zinafika 252,000. Kama bado analipa Bodi ya Mikopo asilimia 15, zinaondoka nyingine 60,000 na anabaki na 192,000. Kwa hiyo mtu anayehitaji laki mbili na nusu nyumbani, akitaja laki mbili na nusu kikaoni, ataondoka na kidogo kuliko alivyotarajia na hataweza kurudi kesho yake kuomba tena. Mwajiri naye nyongeza hiyo itamgharimu zaidi ya 400,000, kwa sababu anachangia NSSF upande wake. Ukilijua hilo hutashangaa akivutana nawe juu ya kila elfu hamsini.

Wakati wa kuomba una uzito zaidi kuliko ufasaha. Kampuni inayofunga hesabu Desemba hupanga bajeti miezi michache kabla. Ombi la Januari, hata likiwa zuri, hukuta fedha zimeshagawanywa. Mhasibu wetu aombe kikao Agosti au Septemba, kwa maneno ya kawaida: "Bosi, naomba nusu saa wiki ijayo tuzungumzie nafasi yangu. Nitakuletea karatasi moja mapema uisome." Asimvizie kwenye korido. Meneja aliyeshtukizwa hujibu hapana ili ajipe nafasi ya kufikiri, na hapana ikishatamkwa ni vigumu kuirudisha.

Karo, kodi ya nyumba na mshahara wa mwenzako viache nje ya karatasi. Ni vya kweli na vinauma, ila meneja hawezi kuvitetea kwa wakubwa wake.

Jibu utakalolisikia sana ni "tutaliangalia." Usiliache hivyo. Uliza nani anaamua, lini, na nini kinakosekana. Jioni hiyo hiyo mwandikie meneja barua pepe fupi ya shukrani inayotaja mliyokubaliana pamoja na tarehe. Ikiwa fedha kweli hazipo, omba cheo na maelezo mapya ya kazi kwanza, na tarehe ya mshahara iandikwe ndani ya barua ya cheo. Ukipewa cheo bila tarehe hiyo, umeongezewa kazi kwa mara ya pili.