Kuisoma Ripoti ya Walanguzi wa Dhahabu

Kwa kawaida kila Ijumaa, CFTC, tume ya Marekani inayosimamia mikataba ya baadaye ya bidhaa, hutoa ripoti ya mikataba iliyokuwa mikononi mwa wafanyabiashara hadi Jumanne ya juma hilo. Mtu akikushawishi ununue dhahabu kwa kuwa "walanguzi wakubwa wanazidi kununua," mwombe akuonyeshe safu zote mbili, ya kununua na ya kuuza, wala si tofauti yake pekee.

Tuchukue mfano. Juma lililopita walanguzi walikuwa na mikataba 200,000 ya kununua na 80,000 ya kuuza. Tofauti ni 120,000. Juma hili wana 200,000 na 50,000. Tofauti ni 150,000. Tofauti imepanda, lakini mikataba ya kununua haikuongezeka hata mmoja. Waliotarajia bei ishuke ndio waliofunga mikataba 30,000, na mkataba wa kuuza hufungwa kwa kununua. Ununuzi huo huweza kupandisha bei, lakini hukoma mikataba ya kufungwa inapokwisha.

Kumbukeni pia kwamba takwimu za Jumanne, zikisomwa Ijumaa, zimekwisha kupitwa na siku tatu za biashara. Ripoti hueleza waliposimama walanguzi, si waendako.