Kusoma michoro ya hali ya maji na ya kaboni dioksidi: nukta ya utatu, nukta ya kikomo na yaliyo ng'ambo yake

Mchoro wa hali ni ramani ya kitu kimoja kilicho safi. Ukingo wa chini unaonyesha halijoto, ukingo wa kushoto unaonyesha shinikizo, na kila mahali ndani ya ramani hiyo panajibu swali moja: kitu hicho kikiachwa kitulie kwenye halijoto hii na shinikizo hili, kitakuwa yabisi, kioevu au gesi? Maeneo hayo matatu yametengwa kwa mistari mitatu. Ndani ya eneo kuna hali moja tu. Juu ya mstari wenyewe hali mbili zinazopakana hukaa pamoja, na hapo halijoto ikishajulikana shinikizo halina hiari tena. Sharti hili la mwisho ndilo linalobeba karibu kila kitu kitakachofuata.

Kwa maji, mstari unaojulikana zaidi ni ule wa kuchemka, unaotenga kioevu na mvuke. Kwenye usawa wa bahari hewa inabana kwa bari 1.01, na mstari unasoma nyuzi 100 za Selsiasi. Butembo iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Musienene nayo iko katika nyanda hizohizo za juu. Hapo hewa inabana kwa takriban bari 0.81. Ukichora mstari wa ulalo kwenye shinikizo hilo, unakutana na mstari wa kuchemka kwenye nyuzi 94. Ndiyo maana maharagi ya Musienene hukawia jikoni kuliko ya Mombasa: kuongeza kuni chini ya sufuria iliyo wazi huongeza mvuke unaotoka, lakini maji hayapandi juu ya nyuzi hizo 94.

Usomaji huohuo una uzito mkubwa zaidi hospitalini. Otoklevu ya kutakasia vyombo vya upasuaji hutakiwa kufika nyuzi 121, na mchoro unasema mvuke wa maji hufika hapo shinikizo likiwa bari 2.05. Lakini kipimashinikizo cha kawaida cha mashine hiyo hakisomi shinikizo lote. Kinasoma tofauti kati ya ndani na nje. Pwani, mshale hutakiwa kuonyesha bari 1.04, kwa kuwa hewa ya nje inachangia 1.01. Butembo hewa inachangia 0.81 tu, hivyo mshale unapaswa kufika 1.24. Mhudumu anayefuata kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani na kuusimamisha mshale kwenye 1.04 anapata shinikizo halisi la bari 1.85, na mstari unampa karibu nyuzi 118. Vyombo vitatoka vya moto na vyenye unyevu, na kwa macho vitaonekana sawa kabisa. Kosa lingine hutokea hewa isipofukuzwa yote kabla ya kufunga vali: mshale unafika mahali pake, ila sehemu ya shinikizo ni ya hewa, na mchoro wa maji safi hausemi chochote kuhusu hewa. Halijoto inabaki chini. Kinachoaminika ni kipimajoto kilicho ndani. Mshale peke yake hautoshi.

Mstari wa kuchemka ukifuatwa kuelekea kushoto na chini, unashuka hadi mahali unapokutana na mistari mingine miwili: ule wa kuyeyuka, unaotenga barafu na maji, na ule unaotenga barafu na mvuke. Hapo ndipo nukta ya utatu. Kwa maji iko kwenye nyuzi 0.01 na shinikizo la bari 0.0061. Barafu, maji na mvuke hukaa pamoja bila yoyote kati yake kupungua, na hakuna nafasi ya kuchagua: shinikizo ni hilo tu, na halijoto ni hiyo tu. Kwa sababu ya uthabiti huo, kuanzia mwaka 1954 hadi 2019 kipimo cha kelvini kilifasiliwa kwa nukta hii. Chupa ya kioo hutolewa hewa, hutiwa maji safi, hufungwa kwa moto, kisha sehemu ya maji hugandishwa. Barafu, maji na mvuke vikishakuwamo pamoja, halijoto imepatikana bila kusoma kipimajoto chochote.

Chini ya bari 0.0061 maji safi hayana hali ya kioevu. Barafu ikipashwa moto huko hugeuka mvuke moja kwa moja. Mlima hauwezi kumfikisha mtu kwenye shinikizo hilo. Hata kwenye kilele cha Margherita huko Ruwenzori, mita 5,109, hewa bado inabana kwa zaidi ya bari 0.5, na maji huchemka kwenye nyuzi 83 au 84. Inahitajika pampu, kama zile zinazotumika kukaushia dawa na kahawa ya unga kutoka kwenye hali ya barafu.

Mchoro wa kaboni dioksidi una umbo lilelile, ila nukta zake zimehama. Nukta yake ya utatu iko kwenye nyuzi 56.6 chini ya sifuri na shinikizo la bari 5.18. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kutazamwa. Hewa ya Butembo, ya pwani na ya mahali popote duniani inapita chini ya nukta hiyo, kwa hiyo CO2 ya kioevu haiwezi kuwekwa kwenye ndoo. Mstari wa ulalo wa bari 0.81 hauligusi eneo la kioevu hata kidogo: unatoka kwenye yabisi na kuingia kwenye gesi karibu na nyuzi 81 chini ya sifuri. Mstari wa kuyeyuka nao unalalia upande tofauti na ule wa maji. Wa CO2 umeegemea kulia, kama ilivyo kwa vitu vingi, kwa sababu yabisi yake ni nzito kuliko kioevu. Wa maji umeegemea kushoto, kwa kuwa barafu ni nyepesi na huelea.

Kioevu cha CO2 kipo kwenye mtungi wa kuzimia moto. Ndani yake kioevu na gesi vinakaa pamoja, yaani mtungi uko juu ya mstari, na shinikizo linaamuliwa na halijoto pekee: bari 57 kwa nyuzi 20, bari 64 kwa nyuzi 25. Mtungi uliojaa na mtungi uliobaki na kioevu kidogo, ikiwa katika chumba kimoja, ina shinikizo lilelile. Ndiyo sababu mtungi wa aina hii huwa hauna kipimashinikizo; ungekuwa nacho, kingeonyesha tu kwamba Beni kuna joto kuliko Butembo. Anayetaka kujua kama mtungi umevuja huupima kwa mizani na kulinganisha na uzito uliogongwa kwenye chuma. Vali ikifunguliwa, shinikizo linaanguka chini ya bari 5.18, kioevu kinakosa mahali pake kwenye ramani, sehemu yake inakuwa gesi na sehemu inakuwa theluji nyeupe inayounguza ngozi kwa baridi.

Ziwa Kivu linatoa zoezi gumu zaidi. Maji yake ya kina yanashikilia takriban kilomita za ujazo 300 za CO2, zikihesabiwa kama gesi katika hali ya kawaida, pamoja na takriban 60 za methani. Husikika ikisemwa kwamba gesi hiyo imelala chini kama kioevu. Mchoro unaweza kulipima dai hilo. Kina kikubwa cha ziwa ni mita 485. Kila mita 10 za maji huongeza karibu bari 0.98, hivyo safu nzima inatoa bari 47 na ushee. Hewa ya juu ya ziwa, iliyo mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, inaongeza 0.85. Jumla ni karibu bari 48.5. Halijoto ya chini kule ni kama nyuzi 26. Kwenye nyuzi hizo mstari wa kioevu na gesi unasoma karibu bari 66. Nukta ya sakafu ya Kivu, basi, iko chini ya mstari, ndani ya eneo la gesi. Ili kioevu kiwepo, ingebidi ziwa lifike mita 660 na zaidi, au maji ya chini yapoe hadi nyuzi 13 hivi.

Kama si kioevu, mbona haipandi juu kama mapovu? Hapo mchoro unafika mwisho wa uwezo wake, kwa kuwa unahusu CO2 peke yake. Katika Kivu gesi imeyeyuka ndani ya maji, na povu huzaliwa pale tu shinikizo la gesi zote zilizoyeyuka linapozidi shinikizo la mahali hapo. Kwa sasa bado liko chini yake. Hatari iko katika maji ya kina kuinuliwa hadi mahali ambapo shinikizo ni dogo, kama ilivyotokea Ziwa Nyos nchini Kamerun mwaka 1986, ambako watu wapatao 1,700 walikufa.

Upande wa pili wa mstari wa kuchemka kuna jambo ambalo mistari mingine haina: mstari huu unakatika. Kwa CO2 unaishia kwenye nyuzi 31.0 na bari 73.8, kwa maji, kwenye nyuzi 374 na bari 221. Hiyo ni nukta ya kikomo. Kadiri mtu anavyopanda juu ya mstari, kioevu kinatanuka na kuwa chepesi, gesi inabanwa na kuwa nzito, hadi densiti zao zinalingana. Thomas Andrews wa Belfast aliliona hilo katika mirija ya kioo na kuliripoti mwaka 1869: uso unaotenga kioevu na gesi unafifia, ukungu unatanda, kisha kunabaki kitu kimoja tu. Zaidi ya hapo kuna giligili iliyovuka kikomo, na hakuna mstari unaoitenga na kioevu wala gesi. CO2 ya kioevu yenye nyuzi 20 inaweza kubanwa hadi bari 100, ikapashwa hadi nyuzi 50, ikapunguziwa shinikizo hadi bari 20, kisha ikapozwa kurudi nyuzi 20. Mwishoni ni gesi, na njiani hakuna aliyeiona ikichemka.

Faida ya eneo hilo ni kwamba densiti inageuzwa kwa urahisi. Kwa bari 80, CO2 yenye nyuzi 30, ambayo bado ni kioevu, ina takriban kilo 700 kwa mita ya ujazo. Nyuzi 40 tu zinaishusha hadi karibu 280. Ikiwa nzito huyeyusha vitu, ikiwa nyepesi huviachia. Kurt Zosel, mkemia wa Taasisi ya Max Planck huko Mülheim, Ujerumani, aliitumia sifa hiyo katika miaka ya 1960 kuondoa kafeini kwenye kahawa. Buni mbichi, ya aina ile inayovunwa Lubero na Beni, hulowanishwa kwanza, kwani ikiwa kavu kafeini haitoki vizuri. Kisha CO2 hupitishwa kati ya punje kwa bari 160 hadi 220 na nyuzi 70 hadi 90. Kwa bari 200 na nyuzi 80 densiti yake ni kama kilo 600, karibu na ya kioevu, ilhali inapenya kwenye punje kama gesi. Kafeini iliyobebwa huoshwa kwa maji katika chombo cha pili, na CO2 hurudishwa kwenye mzunguko bila kushushwa shinikizo. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Maji yangeweza kuvushwa kikomo vilevile, lakini nyuzi 374 zingeiunguza buni muda mrefu kabla. Kaboni dioksidi inavuka kwa nyuzi 31, joto la mchana wa kawaida katika bonde la Semuliki.