Mita 300 Kabla ya Miaka 21

Pendekezo la NACADA la kupandisha umri wa kununua pombe kutoka miaka 18 hadi 21 mmelisikia, na kelele zake mmezisikia. Mwenye baa analilia biashara. Kijana anauliza: kura napiga nikiwa na miaka 18, jeshini naweza kuandikwa, mbona ninyimwe bia? Ana haki ya kuuliza. Lakini anayekitia wasiwasi kituo hiki si yule wa miaka 19 aliyeketi baa. Ni wa miaka 13, aliyevaa sare, anayeipita baa hiyo kila asubuhi akienda darasani. Sheria ya mwaka 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni. Mita 300. Tumelisema hili mara nyingi, na leo tunalisema tena.

Tunamtaja huyu wa miaka 13 kwa sababu ubongo haukomai kwa kuongezeka tu. Hukomaa pia kwa kupunguzwa. Tangu balehe hadi karibu miaka 25, miunganisho ya seli isiyotumika sana huondolewa, kama mkulima anavyong'oa miche iliyosongamana ili inayobaki ishike nguvu. Inayobaki huvikwa utando wa mafuta, nayo mawasiliano yake yakawa ya kasi. Sehemu inayochelewa zaidi kukamilika ni ile iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa. Kazi hiyo ya kupunguza husaidiwa na kemikali ambazo ubongo hujitengenezea, zinazoshika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na bangi. Kwa hiyo kijana anayevuta huingiza amri ya kigeni katikati ya kazi ambayo haijaisha. Watafiti wa Ulaya walipiga picha za bongo za vijana 799 wakiwa na miaka 14, kabla hawajaonja bangi, wakarudia miaka mitano baadaye. Sehemu ya mbele ilikuwa imekonda zaidi kwa waliovuta, na waliovuta zaidi ilikonda zaidi. Katika picha za mwanzo, tofauti hiyo haikuwapo.

Pombe ina hila yake. Majaribio ya panya yanaonyesha kuwa anayebalehe hachelewi kulewa tu. Huchelewa pia kusinzia na kupepesuka, dalili ambazo humwambia mtu mzima kwamba sasa basi. Ilhali uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya kwake huvurugika upesi zaidi. Yaani breki imelegea, na madhara yamezidi. Nchini Marekani, uchambuzi wa mwaka 1997 ulikuta kwamba katika kila 100 walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu 40 walikuja kuwa watumwa wa pombe. Kwa waliosubiri hadi miaka 20, ni kama 10.

Kuna pingamizi zito hapa, nasi hatulikwepi. Huenda wanaoanza mapema ni watoto waliokuwa tayari na shida nyumbani, na shida hizo ndizo zinazowaangusha. Kuhusu bangi, ushahidi una pande mbili. Kule Dunedin, New Zealand, watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 walifuatiliwa hadi umri wa miaka 38. Walioanza bangi wakiwa vijana wakaendelea nayo kwa miaka mingi walipoteza takriban alama 8 za akili, na kuacha hakukuzirudisha zote. Walioanza ukubwani hawakuonyesha upungufu huo. Lakini mwaka 2016 utafiti wa pacha wa Marekani haukuona pacha aliyevuta akimzidi mwenzake kwa kushuka. Kuhusu alama za akili, basi, ubishi haujaisha, na anayewaambia watoto kwamba pafu moja litawaharibu milele anawadanganya, nao watamgundua. Hata hivyo, kama mtoto mwenye shida ndiye anayekimbilia chupa, hiyo ni sababu ya kuisogeza chupa mbali naye, si ya kuiacha mlangoni.

Ndiyo maana tunamjibu kijana wa miaka 18 hivi: kura yako haiuharibu ubongo, pombe inaweza. Kukusubirisha miaka mitatu kuna faida, ila aliye hatarini zaidi ni mdogo wako, ambaye sheria ilishamkataza tangu zamani na bado anauziwa. Umri mpya kwenye karatasi hautamfikia. Kipimo cha mita 300 kitamfikia. Wazazi, nendeni na kamba ya kupimia, mpime kutoka lango la shule hadi mlango wa baa. Ikipungua, andikeni pingamizi kwa kamati ya leseni ya eneo lenu kabla leseni haijatolewa upya, mtaje baa, mtaje shule, mtaje mita. Walimu wakuu, tieni sahihi. Nanyi wanakamati, mkishapokea barua hiyo, msiseme hamkujua.