Kimeta na Kisu cha Kuwahi



Nianze na ng'ombe aliyefungwa kamba chini ya mnazi. Jana jioni alikula vizuri. Alfajiri mwenyewe anamkuta anatetemeka, anahema kwa shida, miguu haimbebi. Kwa mfugaji wa kisiwa hiki cha Mafia wazo la kwanza ni hili: akifa hivi hivi atakuwa kibudu, na kibudu hakiliwi. Basi anakimbilia kisu, anamlaza kuelekea kibla, anamchinja. Kwa hesabu ya dini na ya mfuko, anaona ameokoa mali yake. Mhadhara wangu wa leo unahusu kisu hicho.

Kimeta tumezoea kukisikia huko kaskazini, Ngorongoro na Monduli. Mwishoni mwa mwaka 2016, katika kata ya Selela, Monduli, nyumbu walikufa kwa wingi, mifugo ikafa, na watu wakaugua. Bahari haitutengi na hayo kama tunavyodhani. Ng'ombe aliyeambukizwa huchukua siku tatu hadi saba, mara nyingine zaidi, kabla ya kuonyesha dalili. Anaweza kupanda chombo Nyamisati akiwa mzima wa kutazamwa, akashuka Kilindoni vivyo hivyo, akafa wiki hiyohiyo.

Sasa tuingie ndani ya mwili wake. Kijidudu cha kimeta huzaliana katika damu kwa kasi, na saa za mwisho mililita moja tu ya damu huweza kubeba zaidi ya vijidudu milioni mia moja. Vikiwa humo mwilini ni dhaifu. Mnyama akifa na ngozi yake ikabaki nzima, hewa ya oksijeni huisha, uozo unaoanzia tumboni hushika kila kiungo, na katika joto letu la pwani uozo huo huviua vijidudu vingi ndani ya siku chache. Mzoga uliofungika hujisafisha wenyewe kwa sehemu kubwa. Lakini kijidudu kikipata hewa kabla ya kufa hubadilika kuwa spora, yaani hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala. Robert Koch alilieleza jambo hilo mwaka 1876, zaidi ya miaka ishirini kabla hajafika Dar es Salaam kutafiti magonjwa ya nchi hizi. Spora haitishwi na jua wala ukame, na husubiri udongoni kwa miaka mingi mpaka ng'ombe mwingine aing'wafue pamoja na nyasi fupi za kiangazi.

Wenzetu wa visiwani wana kisa kinachotuhusu. Mwaka 1942 Waingereza walijaribu bomu la kimeta juu ya kondoo katika kisiwa kidogo cha Gruinard, Uskoti. Kisiwa kikafungwa. Mwaka 1986 walimwagia ardhi yake tani 280 za formaldehaidi iliyochanganywa na maji ya bahari, na mwaka 1990 ndipo kilipotangazwa kuwa salama. Miaka arobaini na minane, kwa kisiwa ambacho mtu mzima angekizunguka kwa miguu siku moja.

Rudini sasa kwenye kisu. Ng'ombe wetu wa kilo 200 ana damu inayokaribia lita 15, na kumchinja humwaga karibu nusu yake. Lita saba za damu iliyojaa vijidudu, mahali penye hewa, penye joto, papo hapo ambapo kesho atafungwa ng'ombe mwingine. Kuchinja kihalali kunaihalalisha nyama, hakuondoi kijidudu. Kisha huja mchunaji, mwenye mchubuko kidoleni. Siku chache baadaye kinatoka kipele kinachowasha, kinakuwa lengelenge, halafu kidonda chenye gamba jeusi katikati, kimevimba pembeni, na ajabu yake hakiumi. Kwa sababu hakiumi, mtu hukaa nacho nyumbani. Kidonda cha namna hiyo kwa mtu aliyeshika mzoga ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, naye amwambie daktari habari za ng'ombe. Dawa za kawaida za kuua bakteria hukitibu vizuri. Kikiachwa huweza kuingia kwenye damu na kuua. Mla nyama hupata kimeta cha tumboni, kibaya zaidi na kigumu kukitambua.

Utakitambuaje kwa ng'ombe? Mara nyingi hutaona ugonjwa, utaona kifo. Mzoga huvimba tumbo upesi, miguu haikakamai sawasawa, na puani, mdomoni au njia ya haja hutoka damu nyeusi isiyoganda. Lakini si kila mzoga wa kimeta hutoa damu, na si kila kifo cha ghafla ni kimeta: kuna chambavu, kuna nyoka, kuna radi. Kwa hiyo ninachowaomba ni kukihesabu kila kifo cha ghafla kuwa kimeta mpaka mtaalamu aseme vingine. Kumpasua ili kujua alikufa kwa nini ndilo kosa lenyewe.

Mtaalamu hahitaji kumpasua. Akiwa na glavu, hutoboa mshipa mdogo wa sikio, huchukua tone moja la damu, hulipaka kwenye kioo, kisha huziba tundu kwa pamba yenye dawa. Kioo hupakwa rangi ya buluu na kuwekwa chini ya hadubini. Nimekitazama kioo cha namna hiyo mara nyingi: vijiti vya buluu vyenye ncha za mkato, vimepangana kama mabehewa, na kuzunguka kila kimoja ukungu wa waridi. Sampuli huthibitishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari, Temeke. Lakini akichelewa, uozo huo ninaousifu huviua vijidudu na kioo hakionyeshi kitu. Ndiyo maana taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa mifugo wa kata iende asubuhi ileile, huku mtu mmoja akibaki kufukuza mbwa na kunguru, ambao nao wanapasua.

Baada ya sampuli, moto ndio bora. Chimbeni handaki la kupitisha hewa, wekeni magogo ya mnazi kukingama, makumbi makavu chini, na mzoga juu, ili moto uule kutoka chini. Moto wa juu juu huchoma ngozi, tumbo hupasuka, na vilivyofungiwa vikamwagika. Msimburute kwenda motoni. Mchomeeni alipofia, au mzibeni matundu yote kwa vitambaa kabla ya kumhamisha. Udongo ulioloa damu nao uingie motoni.

Kuzika hufaa penye kina cha mita mbili bila kukuta maji, na hapa Mafia pengi mtakuta maji au mwamba wa matumbawe mapema. Hapo msilazimishe shimo fupi. Kumtupa baharini ni kumpelekea jirani, maana mzoga uliovimba huelea. Na jambo moja ambalo najua litawashangaza: msimwagie chokaa. Kalsiamu yake inadhaniwa kusaidia spora kudumu, na ardhi yetu ya matumbawe tayari ina kalsiamu ya kutosha.

Ng'ombe waliobaki huchanjwa kwa chanjo hai, na kinga huanza baada ya wiki moja hivi. Asiyechanjwa asihamishwe. Aliyechanjwa asichomwe sindano ya antibiotiki siku hizo, kwa sababu itaiua chanjo yenyewe. Chanjo hurudiwa kila mwaka.

Najua ng'ombe mmoja ni ada ya mtoto au mahari. Anayekaa kimya nyama ikigawanywa hafanyi hivyo kwa ubaya, anafanya kwa hasara. Masheikh wetu na wafugaji wakae kitako walizungumze suala la mnyama anayekufa ghafla, kabla hajafika ng'ombe mwingine wa chini ya mnazi. Vijiji vichangie kidogo kidogo, ili anayepiga simu asirudi nyumbani mikono mitupu. Mahali palipochomwa au kuzikwa pazungushiwe uzio wa miiba, paandikwe kwenye daftari la kijiji pamoja na tarehe, na mjukuu atakayekata kiwanja hapo aweze kulikuta.