Mavazi ya Safari Penye Jua Kali

Leo tuchukue safari ya mchana kutoka Lodwar kwenda Kakuma, mama akiwa na mtoto wa miaka miwili.

Wengi humvua mtoto abaki na fulana tu, wakidhani atapoa. Lakini kule joto hupita nyuzi 35 mara nyingi, na hewa ni kavu. Ngozi iliyo wazi huchomwa na jua na kupigwa na upepo wa moto. Jasho hukauka kabla hujaliona, na maji ya mwili yakapungua upesi. Nguo chache ziwe za kivulini. Juani mvalishe nguo ya pamba, nyepesi, pana, ya mikono mirefu. Itazuia jua, na hewa inayopita ndani yake itakausha jasho na kumpoza. Ikimbana, hewa haipiti.

Kichwani tumia leso nyepesi. Ikunje pembetatu, weka upande mrefu juu ya nyusi, pishanisha ncha mbili kisogoni, kisha zilete mbele uzichomeke kando. Pembe ya nyuma iachwe ifunike shingo. Kidole kisipopita chini ya leso, umekaza mno. Mtoto mchanga usimfunike uso, kwani joto hujifungia ndani na anaweza kukosa hewa.

Nguo haichukui nafasi ya maji. Mpe anywe mara kwa mara. Aliye chini ya miezi sita mnyonyeshe tu. Akilegea, au asipokojoa kwa muda wa saa sita, mpeleke kituo cha afya mara moja.